Wasomaji na waandishi: kwa nini mwandishi hukosa zamu, na lango linavyomwokoa

Programu yenye nyuzi nyingi zinazotumia data moja huwa na watumiaji wa aina mbili. Wapo wasomaji, ambao hutazama data bila kuibadilisha, na wapo waandishi, ambao huibadilisha. Wasomaji kumi wanaweza kutazama jedwali moja kwa wakati mmoja bila kudhuriana, kwa sababu hakuna anayegusa chochote. Mwandishi hawezi kuingia pamoja na yeyote: msomaji akiikuta data katikati ya kubadilishwa ataona nusu mpya na nusu ya zamani, na waandishi wawili wakikutana wataharibiana kazi. Kanuni yenyewe ni fupi: ama wasomaji wengi wapendavyo, ama mwandishi mmoja peke yake.

P. J. Courtois, F. Heymans na David Parnas walilitatua tatizo hili katika makala yao ya mwaka 1971, na tangu hapo karibu kila kitabu cha mifumo ya uendeshaji hulifundisha kupitia suluhisho lao la kwanza. Suluhisho hilo ni sahihi kwa maana ya kwamba kanuni haivunjwi kamwe. Hata hivyo lina kasoro ambayo haionekani mtu anapoisoma kodi mstari kwa mstari, na huonekana tu pale mzigo unapoongezeka: mwandishi anaweza kungoja bila kikomo huku kila kitu kingine kikienda vizuri. Wenyewe katika fani huiita hali hii njaa, na mwandishi aliyepatwa nayo husemwa amekufa njaa.

Tuanze na kodi yenyewe. Semafori ni hesabu yenye foleni, na ina vitendo viwili ambavyo Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeibuni, aliviita `P` na `V`. `P` hupunguza hesabu kwa moja, na ikiwa hesabu ni sifuri uzi hulala hapo mpaka upewe nafasi. `V` huirudisha ile moja na kumwamsha mmoja wa wanaongoja. Semafori mbili zilizoanzia na thamani 1 zinatosha: `chumba`, inayoonyesha kama data ina mtu, na `kinga`, inayolinda kihesabio cha wasomaji.

```
msomaji:
    P(kinga)
    idadi = idadi + 1
    if idadi == 1: P(chumba)
    V(kinga)
    soma()
    P(kinga)
    idadi = idadi - 1
    if idadi == 0: V(chumba)
    V(kinga)

mwandishi:
    P(chumba)
    andika()
    V(chumba)
```

Msomaji wa kwanza kuingia ndiye anayekichukua chumba kwa niaba ya wenzake wote, na wa mwisho kutoka ndiye anayekirudisha. Wa katikati hawashughuliki na `chumba` hata kidogo. Wanaongeza hesabu, wanasoma, wanapunguza hesabu na kuondoka. Hapo ndipo uzuri wa mpango huu ulipo, na hapo hapo ndipo mwandishi anapoumizwa. Mwandishi amelala kwenye `P(chumba)` akingoja `idadi` ifike sifuri, lakini msomaji mpya anayefika haulizi kama kuna mtu anayengoja. Akikuta `idadi` ni 2, anaifanya 3 na kuingia.

Tuufuate mfano mmoja kwa saa. Tuseme jedwali la ruhusa za watumiaji limewekwa kwenye kumbukumbu ya seva, kila usomaji unachukua milisekunde 50, na msomaji mpya anafika kila baada ya milisekunde 20. Wa kwanza anaingia wakati 0, wa pili wakati 20, wa tatu wakati 40. Wakati 50 yule wa kwanza anatoka na kubaki wawili. Wakati 55 anafika mwandishi mwenye badiliko la milisekunde 10 tu, anakuta chumba kimeshikwa, analala. Wakati 60 anaingia msomaji wa nne, wakawa watatu. Wakati 70 anatoka wa pili, wakawa wawili. Wakati 80 anaingia wa tano, wakawa watatu. Kuanzia hapo hesabu inapanda 3 na kushuka 2, 3 na 2, na mradi wasomaji wanaendelea kuja kwa mwendo huo haitafika sifuri kamwe. Mwandishi hakuombwa asubiri kazi fulani ikamilike. Ameombwa asubiri utulivu ambao hakuna aliyeahidi kwamba utakuja.

Katika mfumo halisi wasomaji hawaji kwa mpigo wa saa, na kwa hiyo bahati humpa mwandishi mwanya mara kwa mara. Swali ni mara ngapi, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini kasoro hii hupita majaribio yote na kujitokeza siku ya mzigo mkubwa. Wasomaji wakija kwa nasibu, kila mmoja bila kumtegemea mwenzake, `k` kwa sekunde, na wastani wa walio ndani kwa wakati mmoja ukiwa `n`, basi kipindi kimoja mfululizo ambacho chumba hakibaki kitupu huwa na urefu wa wastani wa

```
(e^n - 1) / k
```

Kwa wasomaji 50 kwa sekunde wenye kusoma kwa milisekunde 50, `n` ni 2.5, na kipindi hicho ni kama sekunde 0.22. Hakuna atakayekigundua. Wasomaji wakiongezeka mara nne tu, wakawa 200 kwa sekunde, `n` inakuwa 10 na kipindi kinakuwa sekunde 110, karibu dakika mbili. Wakifika 300 kwa sekunde, `n` ni 15 na kipindi kinazidi sekunde 10,000, yaani takriban saa 3. Mzigo umeongezeka mara sita, lakini kungoja kumeongezeka mara makumi ya maelfu, kwa sababu `n` iko kwenye kipeo. Mtu aliyejaribu mfumo wake kwa nusu ya mzigo akaona waandishi wanangoja robo ya sekunde, kisha akadhani kwamba mzigo ukiongezeka maradufu watangoja nusu sekunde, amekosea kwa namna ambayo hakuna ongezeko la mashine litakalomfichia.

Dawa ya kwanza ambayo wengi huifikiria ni kugeuza upendeleo: mwandishi yeyote akiwa anangoja, wasomaji wapya wote wasimame, na waandishi waingie mmoja baada ya mwingine mpaka waishe. Makala ile ya 1971 ilikuwa na suluhisho la pili la namna hiyo. Kwa data ambayo haibadiliki mara kwa mara linafaa sana. Lakini kwa jumla limehamisha tu njaa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Waandishi wakija kwa wingi, mmoja akiwa daima anangoja wakati mwenzake anamaliza, msomaji ndiye atakayebaki nje bila kikomo, kwa sababu ile ile: anangoja kundi ambalo linaendelea kupokea watu wapya.

Ninaona sababu hiyo ndiyo kiini cha jambo lote, na inastahili kutamkwa wazi. Anayengoja kundi lililofungwa, yaani watu wanaojulikana ambao hakuna mwingine atakayejiunga nao, atapata zamu yake mradi kila mmoja wao anamaliza kazi. Anayengoja kundi lililo wazi hana hakika yoyote, hata kama kila mmoja ndani yake ni mwepesi. Kila suluhisho la njaa linalofanya kazi ni njia ya kulifunga kundi linalongojwa mara tu mngojaji anapofika.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuongeza semafori moja, nayo ni `lango`, inayoanzia na thamani 1, ambayo kila mtu lazima aipitie kabla ya jambo jingine lolote.

```
msomaji:
    P(lango)
    V(lango)
    P(kinga)
    idadi = idadi + 1
    if idadi == 1: P(chumba)
    V(kinga)
    soma()
    P(kinga)
    idadi = idadi - 1
    if idadi == 0: V(chumba)
    V(kinga)

mwandishi:
    P(lango)
    P(chumba)
    andika()
    V(chumba)
    V(lango)
```

Msomaji analichukua lango na kuliachia papo hapo, kama mtu anayepita mlangoni bila kusimama. Mwandishi analichukua na kubaki nalo. Tangu alipolishika, msomaji mpya hawezi kupita, kwa hiyo kundi la wasomaji analolingoja limefungwa. Anaweza kuwamo msomaji mmoja au wawili waliokwisha kulipita lango lakini hawajaongeza hesabu. Hao nao wataingia, ila ni wachache na hawaongezeki. Kutoka kwa msomaji hakuhitaji lango, jambo ambalo si dogo: kama mtu angeandika kodi inayomtaka msomaji apitie lango anapotoka, mwandishi angelishika lango huku akiwangoja watu wasioweza kutoka, na programu yote ingesimama.

Turudi kwenye saa yetu. Wakati 55 mwandishi anafika na kulishika lango. Ndani wamo wasomaji wawili, yule aliyeingia wakati 20 na yule wa wakati 40. Msomaji wa wakati 60 anakuta lango limefungwa, anasimama. Wakati 70 anatoka mmoja. Wakati 80 msomaji mwingine anafika na kusimama nyuma ya mwenzake. Wakati 90 anatoka wa mwisho, hesabu inafika sifuri, chumba kinarudishwa, na mwandishi anaingia. Wakati 100 amemaliza, anakiachia chumba na lango, na wasomaji wawili waliokuwa nje wanapita pamoja na yule anayefika wakati huo huo. Mwandishi amengoja milisekunde 35 badala ya milele. Msomaji aliyeumia zaidi, yule wa wakati 60, amengoja milisekunde 40. Pia sasa kuna ahadi inayoweza kuandikwa: mwandishi aliyekwisha kulishika lango hatangoja kwa muda unaozidi usomaji mrefu kuliko wote, ukiacha vijisehemu vya kuongeza na kupunguza hesabu.

Ahadi hiyo ina sharti ambalo mara nyingi husahaulika. Nimesema "aliyekwisha kulishika lango", lakini je, akifika na kukuta wengine wanalipita? Ikiwa semafori ya lango huwaamsha wanaongoja kwa mpangilio wa kufika, hakuna wasiwasi, kwa kuwa walio mbele yake ni kundi lililofungwa. Ikiwa humwamsha yeyote, au humruhusu uzi aliyefika sasa hivi kulinyakua lango kabla ya aliyelala kuamka, basi tumeihamisha njaa kutoka mlango wa chumba hadi langoni. Hili si la vitabuni tu. Kufuli ya kawaida ya `pthread_mutex_t` haiahidi mpangilio wa kufika, na uzi unaoiachia na kuiomba tena mara moja unaweza kuipata mara nyingi mfululizo kwa sababu uko tayari kwenye prosesa wakati wengine bado wanaamshwa. Kwa bahati njema lango hushikwa na msomaji kwa muda mfupi mno, hivyo mwandishi hupata nafasi mapema kwa kawaida. Ila "kwa kawaida" si ahadi, na anayetaka ahadi hana budi kutumia foleni ya kweli, kwa mfano ya tiketi zenye namba.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa huja likiwa zawadi ya lango lenyewe. Chukua kazi `a()` inayoshika kufuli ya kusoma, yaani inayoingia kama msomaji, kisha ikiwa bado imeishika inaita kazi `b()`, ambayo nayo inashika kufuli ile ile ya kusoma. Chini ya suluhisho la kwanza jambo hili halina madhara: hesabu inapanda kutoka 1 hadi 2 na maisha yanaendelea. Chini ya lango, ikiwa mwandishi atafika katikati ya `a()` na `b()`, atalishika lango na kuanza kumngoja msomaji atoke. Msomaji, akiwa ndani ya `b()`, atalala langoni akimngoja mwandishi. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na wote wengine watajipanga nyuma yao. Huu ni mkwamo kamili, na unahitaji dirisha la muda mdogo kiasi kwamba programu inaweza kukaa miezi kabla ya kuupata.

Hatari hii ndiyo inayoeleza tabia moja ya glibc, maktaba ya C inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, inayowashangaza wengi. Kufuli ya `pthread_rwlock_t` kwenye Linux, usipoigusa, huwapendelea wasomaji, na hivyo inaweza kumnyima mwandishi zamu kama ile kodi ya kwanza. Mtu anayelijua hilo hutafuta mpangilio wa kuwapendelea waandishi, akakuta `PTHREAD_RWLOCK_PREFER_WRITER_NP`, akauweka, na hakuna kinachobadilika. Haubadilishi kitu kwa makusudi. Kanuni za POSIX humruhusu uzi kushika kufuli ya kusoma zaidi ya mara moja, na kuwapendelea waandishi huku ukiiruhusu tabia hiyo kungeleta mkwamo tulioueleza. Mpangilio unaofanya kazi ni ule wenye jina refu zaidi, ambao kwa kuuchagua unakubali kwamba hutashika kufuli hiyo mara mbili ndani ya uzi mmoja:

```
pthread_rwlockattr_t sifa;
pthread_rwlockattr_init(&sifa);
pthread_rwlockattr_setkind_np(&sifa,
    PTHREAD_RWLOCK_PREFER_WRITER_NONRECURSIVE_NP);
pthread_rwlock_init(&kufuli, &sifa);
```

Kabla ya kuuweka, pitia kila mahali panaposhikwa kufuli hiyo na uhakikishe hakuna njia ya mwito inayorudi kuiomba tena. Kwa uzoefu wangu dawa iliyo safi ni kuzigawa kazi mbili: ya nje inayoshika kufuli, na ya ndani inayofanya kazi ikidhani kwamba kufuli imekwisha kushikwa, kazi za ndani huitana zenyewe kwa zenyewe na hazigusi kufuli hata mara moja.

Lugha ya Go imechagua upande wa mwandishi tangu mwanzo, na namna `sync.RWMutex` inavyofanya inastahili kutazamwa kwa sababu wazo la kundi lililofungwa linaonekana ndani yake kwa macho. Kihesabio cha wasomaji huitwa `readerCount`. Mwandishi anapoomba kufuli, hukipunguza kihesabio hicho kwa `1 << 30`, yaani 1,073,741,824, ili kigeuke kuwa namba hasi. Msomaji mpya anayeongeza moja na kukuta matokeo ni hasi anajua kuna mwandishi, hivyo analala. Wakati huo huo mwandishi huchukua idadi ya wasomaji waliokuwamo alipofika na kuiweka kwenye kihesabio cha pili, `readerWait`. Kila msomaji anayetoka hukipunguza kihesabio hicho, na wa mwisho humwamsha mwandishi. Namba iliyo kwenye `readerWait` haiwezi kupanda baada ya hapo, inashuka tu. Hilo ndilo lango, ila limeandikwa kwa hesabu badala ya semafori.

Kuna jambo la ziada ndani ya `Unlock`. Mwandishi anapomaliza, huwaachia kwanza wasomaji wote waliokuwa wakilala, kisha ndipo anapompa mwandishi mwingine nafasi ya kuomba. Mwandishi huyo wa pili atawakuta wasomaji hao wamo ndani na atawangoja. Zamu inapishana: mwandishi, kisha kundi la wasomaji waliokuwa wakingoja, kisha mwandishi. Msomaji aliyefika wakati wa mwandishi wa kwanza hana haja ya kuogopa foleni ya waandishi kumi, kwa sababu ataingia mara tu huyu wa kwanza atakapotoka. Kwa maoni yangu mpango huu wa kupishana kwa makundi ni bora kuliko foleni kali ya kufuata mpangilio wa kufika, kwa kuwa foleni kali yenye msomaji, mwandishi, msomaji, mwandishi humfanya kila msomaji asome peke yake, na faida yote ya kusoma kwa pamoja inapotea. Nyaraka za Go pia zinakataza waziwazi kushika kufuli ya kusoma mara mbili, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

Gharama ya haki hii hulipwa na wasomaji, na inaweza kuwa kubwa kuliko mtu anavyotazamia. Katika mfano wetu kila uandishi hulifunga lango kwa muda usiozidi milisekunde 60: hadi 50 za kungoja waliomo ndani, na 10 za kuandika. Mwandishi mmoja kwa dakika hana athari yoyote. Waandishi kumi kwa sekunde wanaweza kulifunga lango kwa milisekunde 600 katika kila sekunde, na hapo kufuli ya wasomaji na waandishi haina tena maana. Kufuli ya kawaida yenye foleni huenda ikafanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi.

Athari mbaya kuliko zote hutoka kwa msomaji mmoja mrefu. Kabla ya lango, msomaji wa sekunde 4 aliyekuwa akitengeneza ripoti hakumsumbua msomaji mwingine yeyote. Baada ya lango, mwandishi akifika wakati wa ripoti hiyo, atalishika lango na kungoja hadi sekunde 4, na nyuma yake watasimama wasomaji wote, hata wa milisekunde 5. Wanaosimamia hifadhidata ya PostgreSQL wamelijua jambo hili kwa njia ngumu. Amri nyingi za `ALTER TABLE` huhitaji kufuli iitwayo `ACCESS EXCLUSIVE`, isiyopatana na usomaji wowote. Ikifika wakati swali refu la `SELECT` linaendelea, inajipanga kwenye foleni, na kila `SELECT` mpya ya jedwali hilo hujipanga nyuma yake. Badiliko lenyewe lingechukua milisekunde chache, lakini jedwali zima linaonekana limekufa kwa muda wote ambao swali lile refu linaendelea, na mwenye kutafuta chanzo huwa haliangalii swali hilo, kwa sababu limekuwapo tangu asubuhi bila kumdhuru mtu.

Kinga yake ni kumwekea mwandishi kikomo cha kungoja. Katika PostgreSQL huandikwa hivi kabla ya kutoa amri:

```
SET lock_timeout = '2s';
```

Sekunde mbili zikipita bila kufuli kupatikana, amri inafutwa, foleni inafunguka, na mwandishi anajaribu tena baadaye. Angalia kwamba hapa tumeirudisha njaa kwa makusudi, kwa kipimo: mwandishi anayeacha nafasi yake kila baada ya sekunde mbili anaweza kushindwa mara nyingi mfululizo. Tofauti ni kwamba sasa kushindwa kwake kunaandikwa kwenye kumbukumbu za seva, na mtu anaweza kuchagua saa yenye maswali machache. Ndani ya programu yako mwenyewe dawa ni tofauti, nayo ni kufupisha usomaji. Msomaji anakili chini ya kufuli kile anachokihitaji, anaiachia, kisha anatengeneza ripoti yake kutoka kwenye nakala.

Inabaki kueleza jinsi ya kutambua ni ugonjwa upi ulio mbele yako, kwa sababu dalili za njaa na za mkwamo hufanana kwa anayeziona kutoka nje: badiliko limetumwa na halionekani. Katika njaa prosesa zina kazi, wasomaji wanajibiwa haraka kama kawaida, na hakuna kosa lolote linaloandikwa. Kinachoonekana ni majibu yaliyopitwa na wakati, na uzi mmoja ambao rundo lake la miito linaonyesha mahali pale pale, kwenye ombi la kufuli ya kuandika, kila unapolitazama. Punguza mzigo kwa sekunde chache na uzi huo utaponyoka wenyewe. Katika mkwamo prosesa zimetulia, wasomaji wote wamesimama, na kupunguza mzigo hakusaidii chochote. Ukiyatazama marundo ya miito utamkuta msomaji mmoja aliyelala kwenye ombi la kufuli ya kusoma, huku kwenye rundo lake hilo hilo ikiwapo kazi ya nje iliyokwisha kuishika kufuli ile ile.

Ili kuiona njaa kabla haijakomaa, pima muda kati ya kuomba kufuli ya kuandika na kuipata, ukiutenga na muda wa kuandika kwenyewe, na uhifadhi thamani ya juu kabisa ya kila dakika badala ya wastani. Wastani hudanganya hapa kwa namna ya pekee. Mwandishi ambaye bado hajapata kufuli hajaingia kwenye hesabu hata kidogo, kwa hiyo kadiri anavyozidi kunyimwa zamu ndivyo wastani unavyozidi kuonekana mzuri. Andika pia saa aliyoanza kungoja mwandishi aliyepo foleni sasa hivi, na ulinganishe na saa ya sasa kila unapokusanya vipimo. Namba hiyo ikipanda sekunde kwa sekunde wakati wasomaji wanaendelea kujibiwa, kundi linalongojwa bado liko wazi mahali fulani.